Usimpigie Zeddy

Watu wa siku hizi wanadhani kuahirisha kikao ni kazi ya kidole gumba. Unaandika meseji, unatuma, unageuka upande wa pili unalala. Siwacheki, maana mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, na niliyakuta. Ngoja niwaeleze niliyakuta vipi, halafu niwaeleze ile Jumamosi ya mwezi wa nne ambayo nusura niyakute mara ya pili.

Naitwa Nakhumicha. Nashona nguo hapa Free Area, Nakuru, kwenye veranda ya ploti tunayoishi, na huu ni mwaka wa kumi na nane. Mume wangu alishatangulia. Nina mtoto mmoja tu, Zeddy, na Zeddy ameolewa Gilgil na kijana anaitwa Ogada, mfanyakazi wa machimbo ya kule Kariandusi. Boma wanaloishi ni la mama yake Ogada, Adero, mjane kama mimi, ambaye marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli. Adero ni mwanamke aliyenyooka. Haongei sana, na akianza kuongea unaweka kikombe chini kwanza.

Zeddy alijifungua mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Adero alinialika kwa heshima zote. Alinipigia mwenyewe, akaniuliza habari za mgongo wangu, akaniuliza habari za kazi, ndipo akaniambia kwamba Jumamosi ya pili ya Januari niende na kina mama wenzangu nikamwone mjukuu. Sasa, kwetu na kwao pia, mama hakurupuki tu akatokea kwa wakwe wa binti yake. Safari ya kwanza ina utaratibu wake. Mnaenda kikundi, mmevaa mkapendeza, mmebeba unga wa wimbi, ndizi, kuku na blanketi la mtoto. Wao nao wanachinja, wanaita majirani, wanawangoja. Mnakaa pande mbili mnaangaliana usoni. Siku hiyo ndiyo binti yako anapata kupumua kwenye lile boma, kwa sababu kila mtu ameona kwamba ana watu.

Lakini Januari kwa fundi wa nguo, jamani, Januari ni vita. Wazazi wote wa Free Area wanakumbuka yunifomu siku moja. Ijumaa jioni nilikuwa na sketi arobaini hazijakatwa, na wenyewe wamesimama hapo nje wananitolea macho. Nikachukua simu nikamwandikia Zeddy: “Mwambie mama kesho sitaweza, kazi imezidi. Tutapanga siku ingine.” Nikatupa simu kwenye droo nikashika makasi. Sikumpigia Adero. Sikuuliza wamefika wapi na maandalizi. Nilijiambia yule ni mtu mzima, ataelewa.

Mambo yaliyotokea huko nilikuja kuyajua kwa vipande vipande, kwa sababu Zeddy si mtu wa kulalamika. Adero alikuwa ameshaazima viti vya kanisa na amewaambia majirani. Alikuwa jikoni anapepeta mchele. Zeddy akasimama mlangoni, kichanga cha wiki tano mikononi, akasema mama amesema hatakuja. Adero hakujibu. Alimaliza kupepeta mchele wake, akaufunika. Kesho yake majirani walikuja, wakala, na mmoja wao akamwuliza mtoto wangu mbele ya watu kama kwao kuna mtu.

Tangu siku hiyo Adero alibadilika. Hakumtukana Zeddy, hakumnyima kitu, ningesema uongo. Alikaa kimya tu. Mwezi wa pili Zeddy aliniambia jambo moja ambalo lilininyima usingizi. Aliniambia, “Mama, siku hizi nikipika ananiambia asante. Zamani alikuwa ananiambia chumvi imezidi.”

Mtu ambaye hajaolewa anaweza kusema, si afadhali asante? Mimi nilielewa. Anayekugombeza kuhusu chumvi amekuhesabu kuwa wake. Anayekuambia asante amekufanya mgeni, na mgeni siku moja huenda kwao. Nilijua ni mimi niliyemgeuza mtoto wangu mgeni kwenye nyumba yake, kwa meseji moja.

Nikaanza kumpigia Adero. Mara ya kwanza aliniitikia vizuri, akasema tutaona. Mara ya pili akasema tutaona. Nilikuwa nameza mate kabla ya kubonyeza hiyo namba, mimi Nakhumicha ninayewafokea wateja na madiwani. Mwisho wa mwezi wa tatu ndipo aliponiambia, Jumamosi ya pili ya Aprili, saa sita. Nikamwambia asante sana, Mama Ogada, tutafika. Akasema karibuni, akakata. Nilijua hakuna siku ya tatu itakayokuja.

Safari hii nilijipanga. Tulikuwa kina mama watano wa kanisa letu, na kiongozi wa msafara alikuwa rafiki yangu Jepkoech, mwanamke wa mdomo, anayeuza maziwa hapo kwenye kona. Nilitushonea sare sisi watano, kitambaa cha kijani. Wiki nzima sikupokea kazi ya haraka ya mtu yeyote, na waliokuja kunibembeleza niliwafukuza. Ijumaa usiku nililala mapema nikiwa na furaha ya mtoto.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia ukuta unagongwa.

Upande ule wa ukuta anaishi Kui na mume wake Kinyanjui, fundi wa baiskeli. Kifua cha Kinyanjui kilikuwa kimemsumbua tangu mwaka jana, leo hospitali, kesho nyumbani. Nilivaa leso nikatoka. Kui alikuwa amesimama mlangoni na tochi ya simu, hawezi kuingia, hawezi kutoka. Aliniambia nimwangalie Kinyanjui kwa sababu yeye anaogopa. Niliingia. Bado alikuwa na joto kidogo, lakini alikuwa ameenda. Nilimfumba macho, nikamnyoosha, nikavua leso ya kichwani nikamfunga kidevu. Kisha nikatoka nikamkumbatia Kui, na hapo ndipo alipolia.

Mzee wa Nyumba Kumi alikuja, akampigia chifu, tukaambiwa tungoje gari la kupeleka mwili mochwari. Watu wa Kui wako Nyahururu, ndugu wa Kinyanjui wako mbali zaidi. Wa karibu kabisa angefika saa tisa mchana. Kui alinishika mkono akanikalia ubavuni. Alisema neno moja tu, usiniache, nami nikamwambia siendi popote. Nilimwambia hivyo kabla sijakumbuka ni siku gani.

Niliponyanyua macho nikaona ile nguo ya kijani imetundikwa kwenye mlango wangu, imepigwa pasi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

Nilienda nyuma ya tangi la maji nikafikiri. Kumwacha Kui na maiti ndani ya nyumba, hilo sikuliweza, labda ningekuwa mtu mwingine. Na hata kama ningemwacha, mikono hii ilikuwa imetoka kumfunga marehemu. Mama yangu alinilea nikijua kwamba siku hiyo humshiki mtoto mchanga, na mimi sijawahi kuuliza kwa nini. Ningeenda Gilgil nikakae mbali na mjukuu wangu kama mwenye tetekuwanga? Basi ilikuwa lazima niahirishe. Swali lilikuwa moja, nitaahirisha vipi ili isiwe Januari tena.

Nikapiga namba ya Adero. Haipatikani. Adero anayo ile simu ndogo, na anapokuwa na kazi kubwa jikoni huizima, anasema simu ndiyo inaunguza vyakula. Nikapiga tena. Haipatikani. Ogada singeweza kumpigia. Kwetu mama hampigii mkwe wake wa kiume kumtumatuma, na isitoshe alikuwa zamu ya usiku Kariandusi na simu zao huachwa getini. Nikabaki nimeshika simu, na jina la kwanza kabisa lililokuwa hapo juu ni la mtoto wangu. Simu yake haizimwi. Ningempigia mara moja, dakika mbili, na mambo yangekuwa yamekwisha.

Jepkoech alinikuta hapo hapo. Alikuwa amevaa kijani chake, kuku wawili kwapani, anacheka kutoka mbali. Aliposikia habari ya Kinyanjui aliwaweka kuku chini akajifuta macho. Kisha akaniuliza nimefanya nini kuhusu Gilgil. Nikamwambia simu ya Adero imezimwa. Akanishangaa.

“Si umpigie Zeddy amwambie?”

“Usimpigie Zeddy,” nikamwambia, na nilimwambia kwa ukali hata Kui akasikia huko ndani. “Mtu asimpigie Zeddy. Mtu yeyote.”

Jepkoech si mtu wa kuogopa kelele zangu. Alivuta ndoo akaketi akaningoja nitulie. Nikamweleza kwamba Januari sikumkosea Adero kwa kukosa kwenda. Kazi huzidi, watu huugua, hilo kila mtu analijua. Kosa langu lilikuwa kumfanya mtoto wangu awe tarishi wa aibu yangu. Nimweke tena mlangoni na mtoto mikononi aseme mama hatakuja? Afadhali Adero angoje mpaka jioni anichukie mimi moja kwa moja.

Jepkoech alifikiri kidogo, akasema basi mtu aende. Akauliza Adero huchinja saa ngapi. Nikamwambia wageni wa saa sita, atachinja saa mbili, saa mbili na nusu. Akaangalia saa. Akasema akitoka sasa hivi anaweza kumwahi.

Nilitaka kumpa vitu vyote abebe, unga, ndizi, blanketi. Tulivutana hapo. Nikaona mwenyewe kwamba haifai. Zawadi zikifika bila mimi zitaonekana nimelipa faini nikamaliza. Adero atasema huyu ametuma mzigo badala ya uso wake. Vitu vilibaki ndani kwangu, navyo vilikuwa ahadi kwamba nitakuja. Jepkoech aliondoka mikono mitupu, nami nilimsindikiza mpaka barabarani nikimpangia maneno.

Nilimwambia asiingie. Asimame nje ya geti amwite Mama Ogada mwenyewe, kwa sababu habari ya kifo haipelekwi ndani kwenye nyumba ya mtoto mchanga. Aanze na pole, si na sababu. Halafu aseme sababu yote, jina la marehemu, saa aliyofariki, na kwamba ni mimi niliyemfunga kidevu. Sababu ya juu juu inafanana na uongo hata ikiwa kweli. Asitaje siku nyingine, asiseme Jumamosi ijayo wala nini. Mwenye kuchinja ndiye mwenye siku. Na akikuta kuku wameshachinjwa, akiambiwa kaa ule, akae ale mpaka wamwambie inatosha.

“Hapo kwa kula uniachie mimi,” Jepkoech akasema, akapanda gari la Gilgil.

Wale kina mama watatu wengine walipofika niliwaambia yaliyotokea. Walivua sare wakajifunga leso, wakawasha moto wa chai nyumbani kwa Kui. Mimi nilikuwa nakaa na Kui dakika kumi, natoka kwenda nyuma ya tangi napiga namba ya Adero, narudi. Nilipiga mara tisa. Yule mwanamke wa kwenye simu anayesema mteja hapatikani alinichosha, nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe.

Saa mbili kasorobo simu ikaita. Ilikuwa Zeddy.

Nilijua anachotaka. Alitaka kuniuliza kama tumeshatoka, kama nimekumbuka sweta, kama Jepkoech atapunguza mdomo. Nilitazama jina lake likiwaka. Ningeshika, ningemdanganya au ningemwambia. Nikimdanganya, angeenda kumwambia Adero kwa furaha kwamba tuko njiani. Nikimwambia, angekuwa amebeba mzigo wangu kabla Jepkoech hajafika getini. Simu iliita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, ikanyamaza tena. Halafu ikaja meseji.

“Mama uko sawa? Tafadhali usiniambie hukuji.”

Nililia pale nyuma ya tangi. Wale kina mama walidhani namlilia Kinyanjui, wakanipigapiga mgongo wakaniambia nijikaze kwa ajili ya Kui. Nilimlilia Kinyanjui pia, lakini zaidi nilimlilia mtoto wangu, ambaye alikuwa chumbani kwake Gilgil anaitazama simu na kujua, na mimi ndiye niliyemfundisha kujua.

Saa mbili na dakika kumi na tano namba ya Jepkoech ikaita. Nikashika, nikasema, sema. Haikuwa sauti ya Jepkoech.

“Mama Zeddy,” akasema Adero.

Yale maneno yote niliyompangia Jepkoech yalinitoka. Nilijikuta namwuliza kama ameshachinja. Akasema wawili. Nikamwuliza kama ameazima viti. Akasema ameazima, viko uani.

“Basi nimekuharibia mara ya pili,” nikamwambia. “Ile ya Januari sina la kujitetea, Mama Ogada. Nilikudharau, na sikujua nakudharau, na hiyo ni mbaya zaidi. Hii ya leo, kama ningeweza kuizuia ningeizuia. Nisamehe zote mbili.”

Nilisikia kuku wake wa tatu analia, labda alikuwa amefungwa miguu hapo karibu. Kisha akaniuliza, “Wewe ndiye ulimshika?”

“Ni mimi.”

“Basi usingekuja. Ungekuja nisingekupa mtoto. Na huyo mama ana nani hapo?”

Nikamwambia ana mimi mpaka saa tisa. Akaniuliza kama amekula kitu. Nikamwambia chai imekataa kushuka. Akasema apewe uji, uji unashuka hata kwa mwenye kilio, yeye mumewe alipokufa aliishi kwa uji siku nne. Nilikuwa sijawahi kumsikia Adero akitaja kifo cha mumewe.

Kisha akaniambia ningoje. Nilisikia anatembea, nadhani alikuwa anasogea mbali na Jepkoech. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini.

“Mama Zeddy, mimi ile Januari sikukasirikia viti. Viti vinarudishwa. Mtoto alisimama mlangoni na mtoto wake mikononi, akaniambia mama yake hana nafasi. Nilimwangalia nikakosa la kumwambia. Nikapepeta mchele. Mpaka leo kila nikimwona nakumbuka kwamba sikumwambia kitu, naona haya, naishia kumwambia asante.”

Jamani. Miezi mitatu nilikuwa namchukia yule mwanamke kimoyomoyo kwa kumnunia mtoto wangu. Kumbe alikuwa anamwonea huruma na hakujua pa kuanzia. Nilishika lile tangi kwa mkono mmoja.

“Zeddy anajua habari ya leo?” akaniuliza.

“Hajui. Amenipigia mara mbili sikushika. Sikutaka awe yeye wa kukuambia.”

“Hajaniona hapa nje. Anamwogesha mtoto.” Kisha akasema, “Basi usimpigie bado. Mimi nitamwambia.”

Kuhusu siku, alisema tuzike kwanza. Nikishazika na nikishapumzika nimpigie, naye atanipa siku, na kwamba simu yake hataizima. Halafu akarudisha simu kwa Jepkoech, na kabla haijakatika nilimsikia anamwambia aingie, chakula cha watu watano hakitajila.

Gari la mochwari lilikuja saa nne. Nilikaa mbele na Kui, nikashuka naye, nikaandikisha jina la marehemu kwa sababu Kui hakuweza kushika kalamu. Tuliporudi nilimpikia uji mwepesi wa wimbi, ule unga wa safari, nikafungua mfuko nikachota. Alikunywa nusu kikombe. Simu yangu nilikuwa nimeiweka kifuani, na haikuita. Nilijiambia kimya hicho ni kizuri, nikajiambia ni kibaya, nikajiambia ninyamaze.

Saa nane Jepkoech alitokea, amebeba bakuli kubwa la chuma limefungwa kwa kitambaa na bado lina joto. Kuku na wali wa Adero, ametuma kwa nyumba yenye msiba. Jepkoech aliketi kwenye benchi akalegeza mshipi. Alisema amekula chakula cha watano kweli, na majirani wa Adero walipokuja Adero mwenyewe alisimama mbele yao akawaambia mkwe wangu, mama yake Zeddy, amefiwa na jirani leo alfajiri, amemtuma mtu mzima kuniambia, karibuni mezani. Hakuna aliyeuliza swali. Nilimwuliza habari ya Zeddy. Jepkoech akasema hiyo ataniambia mwenyewe, yeye hakuwa chumbani.

Zeddy alipiga saa tisa kasoro, ndugu wa Kui walipokuwa wanashuka kwenye gari. Nikatoka mbio kwenda nyuma ya tangi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelia akamaliza.

Aliniambia kwamba nilipokosa kushika simu mara ya pili alijua. Alimwogesha mtoto, akamkausha, akamvisha, akaketi kitandani akaanza kupanga namna ya kusema. Alijaribu maneno ya aina tatu. Alifikiri aseme nimeugua, akaona huo ni uongo. Alifikiri aende kwanza kuviangalia vile viti, labda atapata ujasiri.

“Halafu akaingia, mama,” Zeddy akasema. “Hajawahi kuingia chumbani kwangu. Aliketi kitandani hapo karibu, akamchukua mtoto kwanza, akamweka mapajani, ndiyo akanishika mkono. Akaniambia mama yako hatakuja leo, na mimi nimeongea naye, na si kosa la mtu. Nilikuwa nimefungua mdomo nianze kuomba msamaha. Akaniambia hapana, wewe huna la kusema hapa, hii ni ya wazee.”

Nilimwuliza yeye alimjibu nini. Akasema alilia tu, na Adero akamwacha alie, akambembeleza mtoto mpaka akalala.

Nilisimama pale. Nilikuwa nimeomba msamaha siku nzima, kwa Adero, kwa Mungu, kwa yule mwanamke wa kwenye simu. Miezi mitatu nilikuwa nampigia Adero na kumeza mate. Na mtu niliyemsimamisha pale mlangoni mwezi wa kwanza sikuwa nimemwambia hata mara moja. Nilidhani mtoto haombwi msamaha, anajua tu.

“Zeddy,” nikamwambia, “nisamehe kwa ile meseji ya Januari.”

Kisha nikasikia anapenga kamasi.

“Nilikuwa nangoja, mama,” akasema.